Ndoo Zinabeba Gharama za Nani?

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mhasibu wa gharama katika kiwanda cha vyombo vya plastiki hapa Dar es Salaam. Tunatengeneza bidhaa 40, kuanzia ndoo za lita 20 hadi vyombo vya kunyweshea kuku. Robo mwaka iliyopita gharama zetu zisizo za moja kwa moja zilifika shilingi milioni 360. Kama ilivyo desturi yetu, nilizigawa kwa saa 12,000 za mashine, nikapata shilingi 30,000 kwa saa, nikazipandisha kwenye kila bidhaa.

Kwa hesabu hiyo ndoo moja inatugharimu shilingi 3,150, na tunaiuza 3,300 kwa bei ya jumla. Mshindani wetu anauza 3,140. Kinyweshea kinatugharimu 2,275 na tunakiuza 3,200. Bosi ameshaamua: tuachane na zabuni za ndoo, nguvu zote ziende kwenye vinyweshea na vyombo vingine vya oda ndogo. Moyo wangu unakataa, lakini sina namba za kumwonyesha.

Nimesoma kuhusu ukokotoaji wa gharama kwa shughuli. Nilijaribu, nikaorodhesha shughuli 63, nikakwama. Meneja uzalishaji anasema takwimu ninazotaka hana. Nianzie wapi, na nitajuaje kichocheo kipi cha gharama kinafaa?

Mhasibu wa Gharama, Dar es Salaam

---

Ndugu Mhasibu,

Anza kwa kufuta. Katika shughuli zako 63 bakiza nne au tano zilizobeba fedha nyingi, nyingine zimezwe ndani yake. Robin Cooper na Robert Kaplan wa Harvard, waliouandika sana mfumo huu miaka ya 1980, waliueleza kwa kiwanda cha vipuri cha kampuni ya John Deere kule Iowa, Marekani. Kiwanda kile kilikuwa na aina nyingi mno za vipuri, lakini gharama zake ziliingia kwenye mafungu saba tu. Na ugonjwa wake ulikuwa kama wenu: kikishindania kazi za vipuri vya wingi kilishindwa kwa bei, za vipuri vichache kikawa kinazipata.

Sababu utaiona ukishuka kiwandani. Chukua oda moja ya vinyweshea 200. Mashine inatoa 80 kwa saa, kwa hiyo kazi yenyewe inakwisha kwa saa mbili na nusu. Kabla ya hapo, timu ya kuseti imeshusha moldi ya bidhaa iliyotangulia, imepandisha ya kinyweshea, imesafisha rangi ya zamani ndani ya mashine na kutupa vyombo vya mwanzo mpaka umbo likakaa sawa. Hiyo ni saa nne. Mashine imeandaliwa kwa muda mrefu kuliko ilivyozalisha. Ndoo nazo zinasetiwa kwa saa mbili na nusu, kisha zinakimbia saa 125 bila kuguswa. Ukigawa gharama zote kwa saa za mashine kukimbia, mishahara ya timu ile inakwenda kwa ndoo kwa sababu tu ndoo ndizo zinazokimbia sana. Ndoo zinalipia moldi za wenzao.

Kwa hiyo swali la kuuliza kwa kila fungu la gharama ni moja: kitu gani kikiongezeka, kazi hii nayo inaongezeka? Umeme na uchakavu wa mashine hufuata saa za kukimbia. Kazi ya kuseti, pamoja na ukaguzi wa vyombo vya kwanza, huja kila oda inapoanza, iwe ya vyombo 200 au 15,000. Kutunza moldi, kuhifadhi sampuli na michoro ni gharama ya kuwa na bidhaa kwenye orodha, hata kama robo hiyo hukutengeneza chombo hata kimoja. Walinzi wa getini na kodi ya kiwanja havifuati chochote kati ya hivyo. Vitatu vya kwanza vitafutie vichocheo. Cha nne kiache kilivyo, kionekane chenyewe chini ya ripoti, maana ukikigawa unabuni tu.

Nimechukua namba ulizoambatanisha na barua yako na kuzipanga kwa mtazamo huo. Kuendesha mashine ni milioni 204. Kuseti ni milioni 72. Mipango ya oda na ukaguzi wa ubora ni milioni 36. Kutunza bidhaa kwenye orodha ni milioni 28. Zinabaki milioni 20 za kiwanda kizima. Jumla yake ni milioni 360 zilezile za leja, na isiwe vinginevyo.

Fungu la kuseti ndilo litakaloamua ugomvi wako na bosi, kwa hiyo tukae nalo kidogo. Unaweza kuhesabu mara ambazo mashine imesetiwa, unaweza kuhesabu saa za kuseti, au unaweza kufuatilia kila kazi peke yake na kuandika waliohusika na walichotumia. Ya kwanza ni rahisi, na inatosha kama kila kuseti kunachukua muda unaofanana. Kwenu haufanani. Kutoka rangi nyeusi kwenda nyeupe kunataka usafishaji mrefu, kwa sababu weusi kidogo tu uliosalia unaharibu vyombo vyeupe. Kutoka nyeupe kwenda nyeusi si kazi. Moldi ya ndoo inahitaji winchi, ya kikombe inabebwa na watu wawili. Ukihesabu mara tu, utarudia kosa lilelile la wastani ulilokuwa ukilikimbia. Njia ya tatu ni sahihi kuliko zote, lakini utahitaji karani wa kukaa karibu na mashine mchana na usiku, nami sioni faida yake. Chukua saa za kuseti.

Plastiki inayotupwa wakati wa kusafisha rangi usiiingize humo. Iwekwe kwenye mzani, iandikwe kwenye oda iliyoisababisha. Gharama ambayo unaweza kuishika kwa mkono na kuipeleka kwa mwenyewe haihitaji kichocheo.

Sasa kuhusu meneja uzalishaji. Anaposema takwimu hana, mara nyingi anamaanisha hana ripoti. Muulize daftari la shifti. Katika viwanda vya plastiki msimamizi wa shifti huandika muda mashine iliposimama na muda ilipoanza tena, pamoja na namba ya moldi, kwa sababu asipoandika atalaumiwa kwa uzalishaji mdogo. Hapo ndipo saa zako za kuseti zilipo. Usizipate kwa kuwauliza mafundi wanatumia asilimia ngapi ya muda wao kwa kazi ipi. Majibu yatajumlishika kuwa 100 kila mara, na hakuna fundi hata mmoja atakayekuambia asilimia 20 alikuwa amekaa akisubiri.

Muda huo wa kusubiri unatuleta kwenye kiwango. Tuseme daftari linaonyesha saa 900 za kuseti kwa robo nzima. Mtu mwepesi atagawa milioni 72 kwa 900, apate shilingi 80,000 kwa saa. Usifanye hivyo. Mna timu mbili za kuseti, kila moja saa 10 kwa siku, siku 75 kwa robo. Hizo ni saa 1,500. Toa chakula, mapumziko, vikao vya kubadilishana shifti na siku za ugonjwa, na ukichukua asilimia 80 kama uwezo halisi unabaki na saa 1,200. Mnawalipa watu kwa ajili ya saa hizo 1,200. Milioni 72 kwa 1,200 ni shilingi 60,000 kwa saa, na hicho ndicho kiwango cha kazi. Saa 300 ambazo hazikutumika ni milioni 18, ziandike kwenye mstari wake: uwezo uliolipiwa na haukutumika.

Ukigawa kwa saa zilizotumika, oda zikipungua robo ijayo mpaka saa 720, kiwango kinapanda hadi 100,000 ilhali hakuna fundi aliyebadili hata namna ya kukaza bolti. Bosi ataona gharama imepanda, atapandisha bei, oda zitapungua tena, na robo inayofuata kiwango kitapanda zaidi. Nimeona bidhaa nzuri zikifukuzwa sokoni kwa njia hiyo.

Mafungu mengine hayana utata mkubwa. Mashine zenu nane zinakimbia saa 20 kwa siku kwa siku 75, yaani saa 12,000, na zimekaribia kujaa. Milioni 204 kwa 12,000 ni shilingi 17,000 kwa saa. Mipango na ukaguzi ni milioni 36 kwa oda 300, shilingi 120,000 kwa oda. Kutunza bidhaa ni milioni 28 kwa bidhaa 40, shilingi 700,000 kwa kila bidhaa kwa robo.

Tuzipeleke ndoo. Robo iliyopita mlitengeneza 60,000 kwa oda nne. Zilikula saa 500 za mashine, ambazo ni shilingi 8,500,000. Kuseti kulichukua saa 10, shilingi 600,000. Oda nne ni 480,000, na kuwepo kwenye orodha ni 700,000. Jumla ni 10,280,000, sawa na shilingi 171 kwa ndoo, wakati hesabu yako ya zamani iliitwisha 250.

Vinyweshea vilikuwa 2,400, vilivyotengenezwa kwa oda 12 za vyombo 200. Saa 30 za mashine ni shilingi 510,000. Saa 48 za kuseti ni 2,880,000. Oda 12 ni 1,440,000, na orodha 700,000. Jumla ni 5,530,000, yaani shilingi 2,304 kwa kinyweshea kimoja. Wewe ulikipa 375.

Hapo ungeweza kukimbilia ofisini kwa bosi. Subiri. Fungu la milioni 204 lina mashine za aina mbili ndani yake. Ndoo ya lita 20 inatengenezwa kwenye mashine kubwa, yenye nguvu nyingi ya kubana moldi, umeme mwingi na bei kubwa ya ununuzi. Kinyweshea kinatoka kwenye mashine ndogo. Umeniambia kila kundi la mashine lina mita yake ya umeme, na rejista ya mali inaonyesha uchakavu wa kila mashine. Ukitenganisha, nne kubwa zinabeba milioni 132 na nne ndogo milioni 72, kila kundi likiwa na saa 6,000. Saa ya mashine kubwa inakuwa shilingi 22,000, ya ndogo 12,000.

Ndoo sasa inapanda kutoka 171 hadi 213. Kinyweshea kinashuka hadi 2,242. Shilingi 42 zaweza kuonekana ndogo, lakini kwenye zabuni ya ndoo ndizo faida yenyewe. Ukiongeza malighafi na vibarua wa moja kwa moja, shilingi 2,900, ndoo inagharimu 3,113. Mnaweza kuuza 3,140 kama mshindani na kubaki na shilingi 27. Hesabu ya zamani ilisema mngepoteza 10. Hesabu ya fungu moja la mashine ingekuambia mnabaki na 69, na bosi angeweza kupunguza bei mpaka chini ya gharama akiamini bado yuko salama. Fungu likiwa na vitu viwili vyenye bei tofauti kwa saa, na bidhaa zako zikawa zinavitumia kwa uwiano tofauti, lipasue. Moja ya masharti hayo likikosekana, liache.

Kinyweshea, pamoja na malighafi na vibarua, shilingi 1,900, kinagharimu 4,142. Mnakiuza 3,200. Kwa kila kimoja mnatoa mfukoni shilingi 942, na hicho ndicho bosi anataka kukiongeza.

Kabla hujaamini, jumlisha saa za kuseti za bidhaa zote 40 kutoka kwenye karatasi za bidhaa. Lazima ziwe 900 kama daftari. Nakubashiria kwamba mara ya kwanza utapata pungufu, labda 760. Saa zinazokosekana huwa zimekwenda kujaribu moldi mpya, kutengeneza sampuli za wateja ambao hawakuagiza, na kurekebisha moldi zilizoharibika. Usizisambaze kwa bidhaa nyingine ili namba zikubali. Ziandike kwa majina yake, kwani bosi atataka kuziona. Kisha mwonyeshe msimamizi wa shifti orodha ya bidhaa kuanzia inayokula kuseti kwingi hadi kidogo, bila shilingi. Akicheka, kuna kosa kwenye namba zako.

Kwenye Ekseli kazi yote ni mstari mmoja kwa bidhaa. Weka viwango vitano kwenye mstari wa 2, safu C hadi G: mashine kubwa, mashine ndogo, kuseti, oda, orodha. Matumizi ya bidhaa yaanze mstari wa 5, idadi ya vyombo iwe safu H, kisha andika:

```
=SUMPRODUCT(C5:G5,$C$2:$G$2)/H5
```

Sasa mwambie nini bosi? Si kwamba aviondoe vinyweshea kwenye orodha kesho asubuhi. Shilingi 2,880,000 za kuseti hazitarudi benki vinyweshea vikifa, kwa kuwa mafundi watalipwa vilevile. Kiwango kinaonyesha kilichotumika, hakionyeshi kitakachookolewa, na wahasibu wengi wanateleza hapo. Mna tayari saa 300 za kuseti zisizo na kazi. Kuongeza 48 juu yake hakuna maana mpaka timu ipunguzwe, ovataimu ikatwe, au kazi nyingine iingie.

Tatizo la kinyweshea ni oda 12. Vitengenezeni mara tatu kwa robo, 800 kwa kila mara, viwekwe stoo na kutolewa 200, 200 wateja wanapokuja. Kuseti kunakuwa saa 12, shilingi 720,000. Oda tatu ni 360,000. Mashine na orodha vinabaki 360,000 na 700,000. Jumla inakuwa 2,140,000, sawa na shilingi 892 kwa kimoja. Gharama yote ni 2,792 na mnabaki na 408 kwa bei ileile. Hii inakubalika kama rangi ni ileile kwa wateja wote. Mteja anayetaka rangi yake ya duka, aambiwe kima cha chini cha oda au alipie kuseti peke yake kwenye ankara.

Mpango huo unaokoa pia saa 36 ambazo mashine ilikuwa imesimama ikisetiwa, na kwa kiwanda kilichokaribia kujaa hizo ni saa za kuuza. Lakini ni saa za mashine ndogo. Moldi ya ndoo haiingii humo, kwa hiyo usimwahidi bosi ndoo za ziada. Tafuta ni vyombo gani vidogo vinavyosubiri foleni, uthaminishe saa hizo kwa faida ya vyombo hivyo.

Jambo la mwisho ni wakaguzi wa hesabu. Hesabu hii ni ya kufanyia maamuzi, iwe kando ya leja. Kwa taarifa za fedha za mwaka, kiwango cha IAS 2 kinataka thamani ya bidhaa za stoo ibebe gharama za uzalishaji, na zile zisizobadilika zigawanywe kwa uwezo wa kawaida wa kiwanda. Uwezo usiotumika unakwenda kwenye gharama za kipindi hicho, kwa hiyo milioni 18 zako zinaelekea mahali pake, ingawa wakaguzi watataka kujua kama saa 1,200 ndiyo kawaida yenu au ni makisio ya robo moja. Zile milioni 20 tulizoziacha chini zitakutaka uzichambue: sehemu inayohusu jengo la uzalishaji lazima iingie kwenye stoo, ya ofisi ya utawala isiingie. Kodi ya kiwanja gawa kwa mita za mraba, na uanze hiyo kazi kabla ya kuhesabu stoo ya mwisho wa mwaka.